Hotuba ya kumkumbuka bingwa wa keram: anzia kwenye kete aliyoiacha

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepewa dakika 5 niongee kwenye kumbukumbu ya mzee jirani yetu, alikuwa bingwa wa keram mtaani. Nimeandika "alikuwa mtu wa subira na mcheshi sana" nikakwama hapo. Mimi keram sichezi. Nina stori mbili tu: straika yake ilitumbukia akasema "imeenda kuwasalimia wenzake, inarudi". Na siku ya fainali alibakiwa na kete mbili, moja ipo mdomoni kabisa mwa shimo, zamu tatu haitii, anagusagusa tu zingine, watu wanamzomea, mwisho akamaliza zote na malkia kwa zamu moja. Sijui hiyo ni subira au alikuwa amechoka. Nisaidie.

Jibu:

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Nimeandikia watu hotuba za namna hii miaka mingi na keram nimeicheza tangu vidole havijaanza kuuma, kwa hiyo nikuambie mapema, stori zako mbili zinatosha kabisa. Usitafute ya tatu. Shida yako ni kwamba hujajua ile stori ya fainali ina nini ndani, na ukishajua hotuba inajiandika yenyewe.

Tukae kwanza ubaoni. Kila mchezaji ana kete 9, mmoja nyeupe mmoja nyeusi, anazitia kwenye mashimo ya kona kwa kuzipiga na straika, na katikati anakaa malkia, ile nyekundu. Malkia ana masharti yake. Ukimtia shimoni hajawa wako bado, mpaka umfunike, yaani utie kete yako kwa pigo hilohilo au linalofuata, ukikosa anarudishwa katikati ya ubao kama vile hukufanya kitu. Na kuna sharti lingine ambalo watu wasiocheza hawalijui, huruhusiwi kumaliza kete zako malkia akiwa bado ubaoni, ukitia ya mwisho umemwacha yeye, umepoteza ubao mzima, yaani raundi yote.

Sasa mwangalie mzee wako. Ana kete mbili na malkia bado yupo. Ile ya mdomoni hata mtoto angeitia, ukiipulizia inaingia, na ndo maana watu walizomea. Ila yeye alikuwa ameshaiona kazi yake, kwamba hiyo ndo ya kumfunikia malkia. Angeitia mapema angebakiwa na ile moja ngumu, halafu angetakiwa amtie malkia na kumfunika kwa kete ambayo haina njia. Kwa hiyo akaiacha pale, kama mtu aliyeweka akiba, akashughulika na ile ngumu zamu baada ya zamu, anaisogeza kidogo, anaitoa ilipojibana. Kule "kugusagusa" unakosema ndo kazi yenyewe ilikuwa inafanyika, na hata mpinzani asingeiondoa bure ile ya mdomoni, maana akiitumbukiza peke yake inahesabika ya mzee na zamu inamtoka yeye. Mzee alijua iko salama kuliko zote ubaoni.

Halafu kuna hesabu. Kamuulize yeyote aliyekuwepo, mzee alikuwa na pointi ngapi kabla ya ule ubao. Kwa sheria rasmi mchezo unaisha kwa pointi 25, mshindi wa ubao anapata pointi moja kwa kila kete iliyombakia mpinzani, na malkia anaongeza 3 ila tu kama bado hujafika 22. Tuseme mzee alikuwa na 21 na mpinzani amebakiwa na kete moja. Bila malkia, hata akishinda ule ubao anapata 1, anafika 22, na kuanzia hapo malkia hamuongezei tena, anaanza kuokoteza moja moja. Akiwa na malkia anapata 4, jumla 25, kwisha habari. Sijui kama siku ile ilikuwa hivyohivyo, wewe ndo utauliza, na sheria za mitaani zinatofautiana sana, kuna wanaohesabu kwa namna yao kabisa. Lakini ukikuta hesabu inakaribiana na hiyo basi ile haikuwa uchovu hata kidogo, mzee alikuwa anawasikia wanaozomea na anajua kitu ambacho wao hawajui. Hesabu yenyewe usiisome kwenye maiki lakini. Ibaki kichwani mwako, ikupe tu ujasiri wa kuisimulia.

Kwa hiyo neno "subira" lifute. Nasema kweli, lifute kwenye karatasi, na "mcheshi" pia. Ukisema mtu alikuwa na subira watu wanaitikia kwa vichwa afu wanaangalia simu, maana kila marehemu anasemwa hivyo. Ukisema zamu tatu hakuigusa kete iliyokuwa mdomoni mwa shimo huku watu wanamzomea, kila aliyekaa pale analisema lile neno mwenyewe kimoyomoyo, na neno la mtu mwenyewe halimtoki.

Kabla ya kuandika, katafute watu wawili watatu waliokuwa wanacheza naye. Usiwaulize "mzee alikuwaje", watakujibu alikuwa mtu wa watu na mtaishia hapo. Waulize, mara ya mwisho alikufungaje? Akikosa alikuwa anafanya nini na mikono? Alikuwa anakaa upande gani wa ubao? Maswali ya hivyo yanatoa vitu vidogo ambavyo hotuba inasimama juu yake, mmoja atakwambia alikuwa anafuta straika kwenye shati kabla ya kila pigo, mwingine atakwambia alikuwa hanyanyui macho. Chukua kimoja, kimoja tu, kiweke.

Na mtafute yule aliyefungwa fainali. Huyo ni muhimu kuliko wote, kwa sababu mbili. Kwanza yeye ndo anaujua ubao ule kuliko mtazamaji yeyote, aliyepoteza hasahau kete zilikuwa wapi. Pili atakuwa amekaa mbele yako siku hiyo, na ukiisimulia vibaya utamfanya kichekesho kwenye msiba wa rafiki yake. Muombe ruhusa, na kwenye hotuba mfanye mpinzani mgumu, ambaye mzee alilazimika kungoja kwa sababu yake. Ndo ukweli pia, mtu hangoji zamu tatu mbele ya mchezaji dhaifu.

Nikupe na kosa langu ujifunze. Mwaka mmoja niliandika hotuba ya mchezaji fulani, nikaweka kwa mbwembwe kwamba "pigo lake la mwisho akamzamisha malkia na fainali ikaisha". Nyuma nikasikia mtu anakohoa, mwingine naye akakohoa, afu minong'ono. Haiwezekani. Malkia hawezi kuwa wa mwisho peke yake, labda azame pamoja na kete yako ya mwisho kwa pigo moja, na siku ile haikuwa hivyo. Wacheza keram wote mle ndani waliacha kumkumbuka marehemu wakaanza kunirekebisha mimi. Kwa hiyo rasimu yako msomee mchezaji mmoja kabla, aangalie mpangilio wa mapigo tu, habari ya lugha nzuri usimuulize.

Sasa ule utani wa straika. Ni mzuri sana, na ni wa hatari. Mzuri kwa sababu anajicheka mwenyewe, kosa ni lake, hakuna aliyeumizwa, na kwenye kumbukumbu utani salama ni ule ambao marehemu ndo aliyekosea. Hatari yake ni kwamba utashawishika umalizie nao. Najua kabisa kuna sentensi imeshakujia kichwani, "na leo na yeye ameenda kuwasalimia wenzake". Usiiseme. Kila mtu ukumbini itamjia mwenyewe bila msaada wako, wengine watacheka huku wanafuta macho, na ukiwasemea umewanyang'anya. Tena neno "inarudi" litakukaba, kwa sababu straika inarudi na mzee harudi, familia imekaa mstari wa mbele. Uweke utani mwanzoni, watu wacheke wakiwa bado wamelegea, afu usonge mbele.

Dakika 5 kwa mwendo wa kwenye kumbukumbu, ambao ni wa taratibu na una kusimama kwingi, mimi huwa nahesabu maneno kama 400 hivi, mia nne hamsini ikizidi sana. Watu wanaandika 800 afu wanakimbizana nayo. Nimekuandikia rasimu chini ya hapo ili upate nafasi ya kuongeza kitu chako, nimetumia ulivyonipa tu, na palipo na mabano ni pa kujaza ukishaongea na waliokuwepo:

"Kwenye keram kuna aibu moja. Unapiga, na kile unachopigia, straika, kinatumbukia shimoni chenyewe. Zamu imekwenda, na juu yake unatoa kete yako uliyoihangaikia inarudishwa ubaoni. Wengi hapo wanapiga meza. Siku moja yakamkuta mzee. Akachungulia shimo. Akanyamaza. Afu akasema, imeenda kuwasalimia wenzake, inarudi. Akatoa kete yake, [akaifuta kwenye shati], akampa mpinzani aiweke anapotaka kwenye duara la katikati.

Mimi keram sichezi. Nilikuwa mtazamaji, na mtazamaji wa keram ana mdomo kuliko mchezaji. Kwa hiyo siku ya fainali na mimi nilikuwa kati ya wale waliomzomea, naomba niseme hilo mbele yenu.

Mzee alibakiwa na kete mbili. Moja ilijibana [ukingoni, upande wa mpinzani]. Nyingine ilikuwa mdomoni mwa shimo, upepo tu ungeiingiza. Na malkia, ile nyekundu, bado yupo. Kwa ambao hamchezi, malkia hachukuliki peke yake. Ukimtia, lazima utie na kete yako ya kumfunika, la sivyo anarudi katikati.

Zamu yake ikafika. Ile ya mdomoni hakuigusa. Akaenda kuigusa ile iliyojibana, ikasogea kidogo. Watu, mzee vipi!

Zamu ya pili. Hakuigusa.

Mbele yake alikaa mtu ambaye, mzee angekosea kidogo tu, angemaliza yeye, yupo hapa leo, na yeye ndo ameniambia, [maneno yake mwenyewe, sentensi moja].

Zamu ya tatu. Hakuigusa. Tukazomea. Mzee akapaka poda kidogo, akangoja.

Zamu ya nne akapiga ile ya ukingoni, ikaingia. Akampiga malkia, akaingia. Afu ile ya mdomoni, ile tuliyomzomea zamu tatu, akaigusa."

Basi. Hapo ndo mwisho. Usiongeze "ikaingia", usiongeze "hivyo ndivyo alivyokuwa mzee wetu", kunja karatasi ukakae. Watu watabaki sekunde mbili kimya ndo waelewe kwamba imeisha, na hizo sekunde mbili utaona ni ndefu kama mwaka, zivumilie.

Angalia nilichofanya pale kwenye kuzomea. Nimekuweka wewe upande wa waliokosea. Kama hukuwepo siku ile au hukuzomea basi badilisha, sema "wengi wetu tulikuwa tunaamini amechoka", na swali lako mwenyewe, kwamba hukujua ni subira au uchovu, unaweza kuliweka wazi pale, ni swali zuri kwa sababu ndilo walilokuwa nalo watazamaji wote. Usidanganye tu kwamba ulielewa tangu mwanzo. Msemaji anayejifanya aliona mapema anaiua stori, kwa sababu raha yake yote ipo kwenye kutokujua.

Maelezo ya mchezo umeona nimeyavunja vipande viwili, straika mwanzoni na malkia katikati, kila kimoja kinakuja pale pale kinapohitajika. Watu wanaosimama kuanza na "keram ni mchezo unaochezwa kwenye ubao wa mraba, upana wake sentimita kadhaa" wanapoteza ukumbi dakika ya kwanza. Msikilizaji asiyecheza anahitaji kujua vitu viwili tu ili alie na acheke sehemu sahihi, kwamba straika kuzama ni aibu na kwamba malkia anahitaji wa kumfunika. Mengine yote, vipimo, pointi, nani anaanza, ayaulize baadaye akitaka.

Kusoma kwake sasa. Kila panapoandikwa "hakuigusa" unasimama. Kwenye mashindano rasmi mchezaji ana sekunde 15 za kupiga, na nimewahi kumuona mtu akijaribu kuukalisha ukumbi kimya sekunde 15 nzima ili "waonje subira ya marehemu", ilipofika ya tisa hivi mtu wa maiki akadhani imezima akaja kuigonga. Hesabu tatu kimoyomoyo inatosha. Ya kwanza hesabu mbili, ya pili tatu, ya tatu ongeza kidogo, ili wahisi kungoja kunarefuka bila kuambiwa. Na sauti usiipandishe kwenye yale mapigo ya mwisho, hapo ndo watu wengi wanakuwa watangazaji wa mpira. Shusha. Mapigo matatu yale yasome kama unamwambia mtu mmoja.

Wakicheka kwenye utani wa straika, wewe nyamaza mpaka kicheko kianze kushuka chenyewe, usiongee juu yake, maana sentensi inayofuata ndo ya ile kete anayoitoa na kuifuta, wasipoisikia watabaki na mzee mchekeshaji tu na hawatamuona anavyolipa kosa lake bila kununa. Na wasipocheka kabisa, inatokea, ukumbi mwingine mzito, usirudie wala usieleze. Endelea tu na "mimi keram sichezi", hiyo sentensi yenyewe huwa inawalegeza.

Ukihisi machozi yanakuja, na yatakuja kwenye maneno ya yule mpinzani, sio kwenye mapigo, niamini, basi mwombe yeye mwenyewe mapema aisome ile sentensi yake akiwa amekaa palepale kwake. Wewe unasema "yupo hapa leo", unamwangalia, yeye anasema, unaendelea na zamu ya tatu. Nimelifanya hili mara mbili na mara zote mbili ilikuwa sehemu bora ya shughuli nzima, na wewe unapata nafasi ya kumeza mate.

Kuna mtu lazima atapendekeza ubao wake uletwe uwekwe mbele. Sawa, ila kama utawekwa, usipangwe kete zote katikati kama mchezo unaoanza. Mwombe yule aliyefungwa aupange kama ulivyokuwa ile zamu ya nne, kete mbili, malkia, na ile ya kwake moja kama ndiyo iliyobaki, na aufanye kabla watu hawajafika. Usieleze chochote kuhusu huo ubao kwenye hotuba. Kete ina upana wa sentimita 3 tu na ushei, wa nyuma hawataiona, lakini ukimaliza na kukaa, wataanza kusimama mmoja mmoja kwenda kuangalia ile ya mdomoni.